Tulielewe neno la Mahakama ya Hague kabla ya kulitumia

Mnamo Ijumaa tarehe 26 Januari 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko Hague, Uholanzi, ilitoa amri katika kesi ambayo Afrika Kusini iliifungua dhidi ya Israeli kuhusu vita vya Gaza. Wiki iliyofuata niliingia darasani na kuwakuta wanafunzi wangu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilishikilia kwamba Mahakama imethibitisha kuwa mauaji ya kimbari yanatendeka Gaza. La pili lilijibu kwamba, la hasha, Mahakama imekataa kuamuru vita visitishwe, na kwa hiyo Israeli imeshinda. Kila upande ulikuwa na gazeti mkononi, na kila gazeti liliuunga mkono upande wake.

Makundi yote mawili yalikosea, na yalikosea kwa sababu ya neno moja. Mahakama ilisema kwamba angalau baadhi ya haki zinazodaiwa na Afrika Kusini ni haki za namna fulani, na sifa hiyo ya haki ndiyo iliyotushinda kuifasiri. Waingereza na Wafaransa wameitoa katika Kilatini, ambako asili yake ni jambo linalostahili kupigiwa makofi. Wako walioifasiri kwa Kiswahili kuwa "inawezekana", wengine "yaelekea", na wengine wakaliacha neno kando na kusema tu kwamba Mahakama "imeona" mauaji ya kimbari. Mimi si mwanasheria. Hata hivyo, jambo hili ni la lugha kama lilivyo la sheria, na ndiyo maana nathubutu kulisemea.

Tuanze na mambo tunayoyafahamu hapa nyumbani. Jirani wawili wanagombania shamba lenye miti iliyopandwa na babu wa mmoja wao. Kesi itachukua miaka. Wakati huohuo, yule mwingine ameleta msumeno na kuanza kuikata miti. Wakili atakimbilia mahakamani kuomba zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mkataji mpaka ijulikane shamba ni la nani. Hakimu anayetoa zuio hilo hajasema kwamba shamba ni la mwombaji. Amesema tu kwamba miti ikishakatwa, hukumu itakayokuja baadaye itakuwa hukumu juu ya visiki.

Mahakama za Kenya zimekuwa zikitumia kipimo kilichowekwa katika kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown, ambayo imo katika ripoti za sheria za Afrika Mashariki za 1973. Kwanza, mwombaji aonyeshe kwamba, kwa mtazamo wa awali, ana kesi yenye uwezekano wa kufaulu. Pili, aonyeshe kwamba asipopewa zuio atapata madhara ambayo fidia ya fedha haiwezi kuyatosheleza. Tatu, hakimu akibaki na shaka, apime ni nani atakayeumia zaidi. Msomaji aliangalie vizuri sharti la kwanza: linaitazama kesi yenyewe, na kuuliza kama ina dalili ya kushinda.

Mahakama ya Hague nayo ina mamlaka kama hayo chini ya Kifungu cha 41 cha Katiba yake. Huweza kutaja hatua za muda za kuzilinda haki za kila upande wakati kesi kuu ikiendelea. Nayo ina masharti yake. Lazima ionekane, kwa mtazamo wa awali, kwamba Mahakama ina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Lazima hatua zinazoombwa zihusiane na haki zinazodaiwa. Lazima pawe na hatari ya madhara yasiyorekebishika, na hatari hiyo iwe ya karibu, isiyoweza kungoja hukumu. Baina ya masharti hayo ndipo lilipo neno letu: haki zinazodaiwa ziwe na sifa ile ya Kilatini.

Sharti hili si la kale kama watu wengi wanavyodhani. Katika 2006 Jaji Ronny Abraham wa Ufaransa aliandika maoni yake ya pekee katika mgogoro wa Ajentina na Uruguai kuhusu viwanda vya karatasi. Alidai kwamba Mahakama haiwezi kuifunga nchi mikono bila kwanza kujiridhisha kwa kiasi fulani kuhusu haki inayodaiwa. Mahakama yenyewe ililitumia neno hilo kwa mara ya kwanza katika amri ya tarehe 28 Mei 2009, Ubelgiji ilipoishtaki Senegali ikitaka Hissène Habré, aliyekuwa Rais wa Chadi, ahukumiwe au apelekwe Ubelgiji. Mahakama iliona kwamba haki ya Ubelgiji ilikuwa na sifa hiyo, lakini haikuamuru lolote. Senegali ilikuwa imeahidi mbele ya majaji kwamba Habré hataruhusiwa kuondoka nchini kabla ya hukumu, na hivyo hapakuwa na haraka. Mfano huu unatufunza kwamba haki kuwa na sifa inayotakiwa ni jambo moja, na hatari kuwa mlangoni ni jambo lingine.

Sasa turudi Gaza. Afrika Kusini ilifungua kesi tarehe 29 Desemba 2023 chini ya Mkataba wa 1948 wa Kuzuia na Kuadhibu Uhalifu wa Mauaji ya Kimbari, na pande zote mbili zikasikilizwa tarehe 11 na 12 Januari 2024. Katika amri yake Mahakama ilisema kwamba kweli na hali zilizoelezwa zinatosha kuifanya ione kuwa angalau baadhi ya haki zinazodaiwa zina sifa hiyo. Ikazitaja haki zenyewe: haki ya Wapalestina wa Gaza ya kulindwa dhidi ya matendo ya mauaji ya kimbari, na haki ya Afrika Kusini ya kudai kwamba Israeli iutimize Mkataba.

Tazama kivumishi kinakaa wapi. Kinaivumisha haki. Hakiyavumishi madai kwamba mauaji ya kimbari yametendeka. Jambo hili lilielezwa waziwazi mnamo Aprili 2024 na Bi. Joan Donoghue, Mmarekani aliyekuwa Rais wa Mahakama amri ilipotolewa, na ambaye muda wake ulikuwa umekwisha miezi miwili kabla. Katika mahojiano na BBC alisema kwamba Mahakama iliamua kuwa Wapalestina walikuwa na haki ya kulindwa yenye sifa hiyo, na kwamba Afrika Kusini ilikuwa na haki ya kuyaleta madai yake. Mahakama, alieleza, haikuamua kwamba madai yenyewe ya mauaji ya kimbari yana sifa hiyo. Wengine walimshukuru, wengine wakamshutumu kwamba amebadili kauli. Ukweli ni kwamba sarufi ya amri ilikuwa imesema hivyo tangu mwanzo, nasi hatukuisoma.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapotaka msomaji asiharakishe. Ikiwa kivumishi kinaihusu haki peke yake, kwa nini Mahakama ilitumia aya nyingi kueleza yaliyokuwa yakitokea Gaza? Kwamba watu wa taifa fulani wana haki ya kutoangamizwa ni jambo ambalo halihitaji ushahidi wowote. Haki hiyo waliipata kwa Mkataba wenyewe. Lakini majaji walinukuu takwimu zilizotolewa na Umoja wa Mataifa, wakitahadharisha kwamba hazikuweza kuthibitishwa na chombo huru: Wapalestina 25,700 waliouawa, zaidi ya 63,000 waliojeruhiwa, na kiasi cha milioni 1.7 waliohamishwa makwao. Wakazinukuu pia kauli za viongozi wa Israeli, miongoni mwao Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Yoav Gallant, na Rais Isaac Herzog. Ni baada ya hayo tu ndipo wakasema kwamba haki zina sifa inayotakiwa.

Kwa maoni yangu, maana yake ni hii: Mahakama haiulizi tu kama haki ipo vitabuni, wala haiulizi kama imevunjwa. Inauliza kama mambo yanayolalamikiwa ni ya aina ambayo yanaweza kuigusa haki hiyo. Kipimo hiki kiko chini ya kile cha Giella. Huku nyumbani mwombaji huulizwa kama ana uwezekano wa kufaulu, ilhali Hague mwombaji huulizwa kama alichokishika kinashikika.

Uko upinzani dhidi ya kipimo hiki, na mmoja wa wasemaji wake ni wa kwetu Afrika Mashariki. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alipiga kura dhidi ya hatua zote sita za Januari. Aliandika kwamba Afrika Kusini haikuonyesha, hata kwa mtazamo wa awali, kuwa matendo yaliyolalamikiwa yalifanywa kwa nia ya kuangamiza, na kwamba bila nia hiyo hayawezi kuingia katika Mkataba. Alilaumiwa sana wakati ule, na serikali ya Uganda ikajitenga na kura yake, ingawa jaji wa Hague hapigi kura kwa niaba ya nchi yake. Hoja yake haifai kubezwa. Nia ndiyo inayoyatofautisha mauaji ya kimbari na ukatili mwingine wa vita. Ukiiondoa nia, vita karibu vyote vitaingia katika Mkataba.

Jibu limo katika kesi nyingine. Gambia ilipoishtaki Myanma kwa niaba ya Warohingya, Myanma ilitoa hoja iyo hiyo: nia ionyeshwe kwanza. Katika amri ya tarehe 23 Januari 2020, ambayo majaji wote waliikubali, Mahakama ilisema kwamba, kwa kuzingatia kazi ya hatua za muda, uzito wa tuhuma haulazimishi nia ithibitishwe katika hatua hiyo. Na ni kweli. Nia hukaa moyoni, na huthibitishwa kwa nyaraka, mashahidi na miaka ya kazi. Kumwambia mtu alete uthibitisho huo wote ndipo nyumba isichomwe ni kumwambia kwamba nyumba itachomwa. Jaji Georg Nolte wa Ujerumani alipata njia ya katikati katika shauri la Gaza. Alisema hakushawishika kwamba operesheni ya kijeshi, kwa jumla yake, ilionyeshwa kuwa na nia ya kuangamiza. Hata hivyo, aliziunga mkono hatua zilizoamriwa, kwa kuwa baadhi ya kauli za viongozi zilizua hatari ya kweli kwa haki zilizodaiwa.

Basi madhara yasiyorekebishika ni yapi? Tunao mfano jirani. Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji wa Kisangani, Kongo iliiendea Mahakama katika kesi iliyokuwa imekwisha kuifungua dhidi ya Uganda. Tarehe 1 Julai 2000 Mahakama iliamuru pande zote mbili zijiepushe na kitendo chochote, hasa cha silaha, kinachoweza kuziathiri haki za upande wa pili, na zihakikishe kwamba haki za binadamu zinaheshimiwa katika eneo la mapigano. Hukumu ya kesi kuu ilikuja tarehe 19 Desemba 2005, na mojawapo ya mambo yaliyoamuliwa ni kwamba Uganda haikuitii amri ile ya 2000. Fidia ilikadiriwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325 za Marekani, ambazo milioni 225 kati yake ni kwa madhara waliyopata watu. Mahakama ilikisia kwamba vifo ambavyo Uganda inawajibika kuvilipia ni kati ya 10,000 na 15,000.

Chukua kalamu ugawanye, ukipenda. Lakini kabla ya kugawanya, hesabu miaka kati ya amri na fidia, nayo ni karibu 22. Mtoto aliyezaliwa Kisangani wiki ya amri ile alikuwa mtu mzima siku fidia ilipotangazwa. Hayo ndiyo madhara yasiyorekebishika: si kwamba hayalipiwi, bali malipo yake hayamrudishi aliyepotea. Ndiyo maana kipimo cha kuingilia huwekwa chini. Mahakama ikikosea kwa kuamuru, nchi iliyoamriwa imezuiwa kwa muda kufanya jambo ambalo, mara nyingi, sheria ilikuwa tayari imelikataza. Ikikosea kwa kunyamaza, hakuna atakayerekebisha kosa hilo.

Ndiyo maana pia hatua za Januari zilikuwa kama zilivyokuwa. Israeli iliamriwa izuie matendo yaliyokatazwa na Mkataba, ihakikishe jeshi lake haliyatendi, izuie na kuadhibu uchochezi, iruhusu huduma na misaada ya kibinadamu, ihifadhi ushahidi, na ilete ripoti baada ya mwezi mmoja. Kuhusu uchochezi na misaada kura zilikuwa 16 kwa 1. Hata Jaji Aharon Barak, aliyeteuliwa na Israeli, aliziunga mkono hatua hizo mbili. Afrika Kusini iliomba pia vita visimamishwe, na ombi hilo halikukubaliwa. Kundi la pili la wanafunzi wangu liliona hapo ushindi wa Israeli. Halikuona kwamba nchi isiyo na lolote la kujibu haiamriwi kuhifadhi ushahidi.

Je, amri kama hizo zinalazimisha? Swali hili nalo lilitatuliwa kwa lugha. Tarehe 3 Machi 1999 Mahakama iliitaka Marekani isimwue Walter LaGrand, Mjerumani aliyekuwa amehukumiwa kifo huko Arizona, mpaka kesi ya Ujerumani isikilizwe. Aliuawa siku iyo hiyo. Marekani ilijitetea kwamba Kifungu cha 41, kwa Kiingereza, kinasema tu Mahakama "hutaja" hatua ambazo "yafaa" zichukuliwe. Lakini kifungu kwa Kifaransa kinasema hatua ambazo "lazima" zichukuliwe, na lugha zote mbili zina nguvu sawa. Katika hukumu ya tarehe 27 Juni 2001 Mahakama iliuliza: ni maana ipi inayotimiza lengo la kifungu? Ikajibu kwamba mahakama isiyoweza kuilinda haki inayobishaniwa haiwezi kuitolea hukumu yenye maana. Tangu hapo amri za muda ni wajibu wa kisheria. Kwamba ni wajibu haina maana kwamba zinatekelezwa. Hague haina polisi, na mlango unaobaki ni Baraza la Usalama, ambako kura ya turufu hungoja. Myanma, Uganda na Marekani ni ushahidi wa kutosha wa umbali uliopo kati ya maandishi na matendo.

Nimalizie na sentensi moja ambayo huwapa wanafunzi wangu kama zoezi. Tarehe 24 Mei 2024, kwa kura 13 kwa 2, Mahakama iliiamuru Israeli isimamishe mara moja mashambulizi yake ya kijeshi, na kitendo kingine chochote katika Mkoa wa Rafah, na hapo kikafuata kishazi rejeshi kuhusu kuwatia Wapalestina wa Gaza katika hali za maisha zinazoweza kuwaangamiza. Majaji wenyewe hawakuelewana juu ya kishazi hicho. Dire Tladi wa Afrika Kusini alisoma kwamba mashambulizi ya Rafah yakome. Nolte, pamoja na Bogdan Aurescu wa Romania, walisoma kwamba yakome kwa kadiri yanavyoweza kuleta hali hizo. Kirejeshi cha Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo hakisemi kinarejelea nini.

Kiswahili kisingewapa majaji maficho hayo. Mfasiri wetu angelazimika kuchagua. Akiandika "ambacho kinaweza", amerejelea kitendo peke yake, na mashambulizi yanasimama bila sharti. Akiandika "ambavyo vinaweza", amevifunga vyote viwili kwa sharti moja. Pengine utata ule uliachwa kwa makusudi ili kura 13 zipatikane. Lakini mfasiri anayechagua bila kujua kwamba anachagua ameitoa hukumu ambayo majaji hawakuitoa.

Na neno lile la Januari? Mimi napendekeza tuseme "haki yenye mashiko". Si "inayowezekana", kwa kuwa yanayowezekana hayana mwisho. Wala si "iliyothibitika", kwa kuwa kesi kuu haijaamuliwa, na hukumu yake yaweza kuchukua miaka. Kwa kawaida twasema hoja ina mashiko tunapotaka kuisifu, lakini hapa tuirejee maana ya kitenzi. Jembe lenye mpini lina mashiko: laweza kushikwa. Aliyelishika bado hajalima, na hakuna ajuaye shamba litatoa nini. Lakini ukimwona mwenzio anauvunja mpini, humsubiri msimu wa mavuno uishe ndipo umzuie.